Baka la Bluu Mgongoni mwa Mtoto Mchanga

Mama zangu, shangazi zangu, akina baba mliowasindikiza wake zenu, na ninyi dada zangu mnaolea watoto wa watu majumbani: mlionizidi umri shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Nashukuru uongozi wa kata kwa kutupa ukumbi huu. Niliombwa nizungumze juu ya ngozi ya mtoto mchanga kwa jumla. Nimeamua nizungumzie kitu kimoja tu, kwa sababu hicho ndicho kilichomfanya binti mmoja asimame mlangoni pangu jioni akiwa na mfuko wa nguo zake mkononi, amefukuzwa kazi, analia.

Ilikuwa Jumamosi, tunakaribia kufunga kliniki. Waliingia watu watatu na mtoto. Mbele bibi, mama wa mume, aliyefika asubuhi ile kutoka Lushoto. Katikati mama mtu, amempakata mwanawe wa kike mwenye umri wa wiki 13. Nyuma kabisa dada wa kazi, msichana wa miaka 19. Likizo ya uzazi ya mama, zile siku 84, ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia, kwa hiyo mtoto alikuwa akishinda na dada tangu asubuhi mpaka saa 11 jioni. Bibi alipofika alimwogesha mjukuu wake kama bibi zetu wanavyoogesha, mtoto amelala kifudifudi juu ya miguu yake. Alipommwagia maji mgongoni akaona baka la bluu juu ya makalio. Akaona lingine kwenye kalio la kushoto. Alipoushika mguu akaona la tatu kwenye kifundo. Hakuuliza mara mbili. Alisema, "Huyu mtoto anapigwa. Na hapa kwenye mguu ndipo anaposhikiwa."

Mimi simlaumu bibi yule. Aliona rangi ya damu iliyovilia mahali ambapo watoto hupigwa, na siku hiyohiyo akakuta mtoto ameachwa na mtu ambaye yeye hamjui. Angefumba macho ningemlaumu zaidi. Lakini alikosea, na ninataka niwaonyeshe tulivyojua kwamba amekosea, hatua kwa hatua, ili na ninyi mkikutana na jambo hili nyumbani mjue mnatazama nini.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtoa mtoto chini ya taa. Taa za chumba changu zina mwanga wa njano, na mwanga wa njano unadanganya sana kwenye rangi ya bluu. Nilimpeleka dirishani, upande jua linakozamia. Nikamvua nguo zote, mpaka nepi na uzi wa kiunoni, kwa sababu anayetazama mgongo peke yake hajatazama mtoto.

Baka kubwa lilikuwa pale juu ya kifandugu, kidogo juu ya mstari wa makalio. Nililipima kwa utepe uleule tunaopimia kichwa: sentimita 6 kwa upana, sentimita 4 kwa urefu. La kalioni lilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. La kifundoni lilikuwa hafifu, kama vile mtu amefuta wino na kitambaa chenye maji. Na rangi yao ilikuwa moja. Hilo ndilo nililomwomba bibi aangalie. Nilimwambia, "Mama, tazama baka hili kutoka katikati mpaka pembeni, uniambie rangi ngapi." Akainama. Akasema, "Moja, ila pembeni inaisha yenyewe." Nami nisingeweza kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Baka la kuzaliwa ni bluu ya kijivu, kama wingu la masika kabla mvua haijashuka, na pembeni linayeyukia kwenye ngozi bila mpaka mkali. Damu iliyovilia huwa na rangi zinazogombana: hapa zambarau, pale nyekundu ya giza, na kwenye ukingo kijani au manjano.

Baada ya macho, kidole. Nilifumba macho yangu nikapitisha kidole kuanzia kiunoni kushuka, na sikuweza kusema baka linaanza wapi na linaishia wapi. Ngozi ilikuwa laini ileile, joto lilelile, hakuna uvimbe, hakuna kitu kigumu chini. Nikabonyeza, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu kidogo. Mtoto alikuwa ameshughulika na miwani yangu, anataka kuivuta. Hakukunja uso wala kurudisha mguu. Mahali palipopigwa juzi, ukipabonyeza mtoto atakuambia mwenyewe.

Hapa niseme jambo moja ambalo nimelisikia hata kwa wauguzi wenzangu vijana. Wapo wanaosema ukibonyeza, damu iliyovilia itapotea na baka la kuzaliwa litabaki. Si kweli. Damu iliyovilia imeshatoka kwenye mishipa, imo ndani ya nyama, kwa hiyo ukibonyeza haiendi popote. Rangi ya baka nayo haiendi popote. Yote mawili hubaki vilevile chini ya kidole. Kinachopotea ukibonyeza ni wekundu wa mishipa iliyotanuka, kama zile alama nyekundu ambazo watoto wengi huwa nazo kisogoni au kwenye kope. Kwa hiyo sisi tunabonyeza kutafuta maumivu na uvimbe. Rangi haipimwi kwa kubonyeza.

Kisha nikatazama mahali ambapo hakuna aliyeniambia nitazame. Nyuma ya masikio na kwenye masikio yenyewe. Chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya shingo. Mbavu, moja moja. Ndani ya mdomo, nikainua mdomo wa juu nione ile kamba ndogo inayouunganisha na ufizi kama haijachanika, maana huchanika mtoto anaposukumiwa chupa au kijiko kwa nguvu. Utosi ulikuwa bapa na laini. Mikono na miguu yote ilichezeka bila kilio. Uzito wake ulipanda vizuri kwenye mchoro wa kadi. Hapakuwa na alama nyingine yoyote mwilini.

Bibi alikuwa bado hajaridhika na kifundo cha mguu. Na kweli, watu wengi wanajua mabaka haya hukaa kiunoni na makalioni, hawajui kwamba yanaweza kukaa mabegani, mgongoni juu, mapajani, kwenye vifundo vya miguu na hata viganjani upande wa juu. Ndiyo maana haya ya mbali ndiyo yanayoleta ugomvi. Alama ya kushikwa kwa nguvu huwa na umbo la kilichoshika: vidoa vya mviringo vya ncha za vidole, vitatu au vinne upande mmoja, na cha dole gumba upande wa pili. Hapa palikuwa na kivuli kimoja tu, upande mmoja, kisicho na umbo la mkono wa mtu.

Nikamuuliza mama, "Una picha za mtoto za zamani kwenye simu? Akiwa mtupu, anaoga, chochote." Alitafuta mikono ikimtetemeka. Akapata moja, mtoto ana siku tisa, amelazwa kifudifudi juu ya kanga, amegeuza uso pembeni. Mama aliipiga kwa sababu ya uso, alivyokuwa amekunja midomo. Nyuma yake, wazi kabisa, lile baka juu ya kifandugu, na chini yake la kalioni. Dada wa kazi alianza kazi mtoto akiwa na miezi miwili. Bibi aliishika ile simu muda mrefu. Kisha akamgeukia binti akamwambia, "Mwanangu, weka huo mfuko chini."

Sasa nyumba nyingine haina picha ile. Ingekuwaje? Tungesubiri, lakini kwa kupima, na siku ile tulifanya hivyo hata baada ya picha kuonekana, kwa sababu nilitaka wote wanne watoke bila shaka moyoni. Nilichukua kipande cha plastiki angavu, kisafi, nikakilaza juu ya baka, nikafuatisha mpaka wake kwa kalamu. Nikampiga picha nyingine dirishani, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa ujulikane, na tarehe ikiandikwa. Mtoto alikuwa arudi kwa chanjo ya wiki 14, siku nane mbele. Aliporudi tuliilaza plastiki juu ya ngozi tena. Mstari wa kalamu ulikaa pale pale, na rangi ilikuwa ileile. Damu iliyovilia haivumilii siku nane bila kubadilika. Mwili unaila: inapungua, inagawanyika, inapauka, na kwa kawaida katika muda wa wiki mbili hivi imekwisha. Baka la kuzaliwa halina haraka. Litabaki hivyo kwa miezi, pengine litakoza kidogo kuelekea mwaka wa kwanza, kisha litafifia polepole. Watoto wengi huwa wameshalipoteza kabla ya kuanza darasa la kwanza, na kwa wachache hubaki kivuli mpaka karibu na kubalehe au hata utu uzima.

Mtaniuliza, kama si damu, hiyo bluu inatoka wapi? Hakuna mtu mwenye ngozi ya bluu. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linaloondoa hofu.

Ngozi yetu inapata weusi wake kutoka kwa chembe ndogo zinazotengeneza rangi. Mtoto akiwa tumboni, chembe hizi zinazaliwa karibu na mahali uti wa mgongo unapojengeka, halafu zinasafiri kwenda kukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, mwili mzima. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 ya mimba huwa ziko njiani, zinapita kwenye tabaka la ndani la ngozi, na kufikia wiki ya 20 hivi zinatakiwa ziwe zimeshalivuka. Baadhi hubaki njiani. Hazina ugonjwa, hazijaharibika, zimechelewa tu kufika, na sehemu ambayo nyingi huchelewa ni kiunoni na makalioni. Baka la bluu ni kundi la chembe zilizobaki kwenye tabaka la chini.

Rangi zinayotengeneza ni kahawia iliyoiva, hata nyeusi. Ikiwa juu ya ngozi tunaiona kahawia. Ikiwa chini, mwanga unapita kwanza kwenye ngozi ya juu. Mwanga mwekundu unazama na kumezwa, ule wa bluu unatawanyika na kurudi machoni kwetu. Mmeshayaona mambo haya jikoni. Moshi wa kuni ukipanda ukiwa mbele ya mwembe wenye majani meusi unaonekana bluu, ukifika juu mbele ya anga nyeupe unaonekana kahawia, na moshi ni uleule. Mishipa ya mkononi mwako nayo unaiona kama ya bluu au kijani, wakati damu iliyomo ndani ni nyekundu.

Watoto wetu wanayo sana mabaka haya. Watoto wengi wa asili ya Afrika huzaliwa nayo, na vivyo hivyo watoto wa Asia ya Mashariki. Kwa Wazungu ni chini ya mtoto mmoja kati ya kumi. Daktari Mjerumani aliyekuwa akifundisha Tokyo, Erwin Bälz, aliyaandika mabaka haya mwaka 1885 akayapa jina la Wamongolia, akidhani ni alama ya watu wa upande ule. Jina hilo bado mtalikuta kwenye vitabu, ingawa madaktari wanaliacha, kwa sababu halisemi ukweli. Angefanya kazi Tanga angeyaona kila siku. Huko Korea wazee husema bibi wa uzazi alimpiga mtoto kofi la makalioni ili atoke, ndiyo alama ikabaki. Kumbe na huko pia watu waliona bluu wakawaza kipigo.

Nimewaambia tulivyojua kwamba halikuwa pigo. Sasa niwasimulie siku nyingine, maana nikiwaacha hapa mtarudi nyumbani mkidhani kila bluu ni ya kuzaliwa, na hilo ni hatari kuliko kosa la bibi wa Lushoto.

Alikuja mama mwenye mtoto wa kiume wa wiki tano. Alijifungulia njiani usiku, akarudi nyumbani, hakufika kituo mpaka kitovu kilipoanguka. Alikuja kwa sababu ya kikohozi cha mtoto, kwa jambo la ngozi hakuja kabisa. Nilipomvua shati nikaona doa la bluu kifuani, ukubwa wa kucha ya dole gumba, na lingine ubavuni. Nikauliza. Akasema, "Hayo jirani kaniambia ni ya kuzaliwa, hata wanawe walikuwa nayo." Nikapitisha kidole. Hayakuwa bapa. Chini ya kila doa palikuwa na kitu kama punje ya harage. Nikauliza, yalikuwepo alipozaliwa? Hapana, la kifuani aliliona juzi, la ubavuni asubuhi ile. Nikatazama kitovu: nguo ilikuwa na damu kavu, na mama akasema kimekuwa kikitoa vitone siku kadhaa.

Mtoto huyu hakupigwa na mtu. Damu yake ilikuwa haigandi. Mtoto huzaliwa akiwa na vitamini K kidogo sana, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana kidogo pia. Bila vitamini hiyo ini haliwezi kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Ndiyo sababu mtoto anayezaliwa kituoni huchomwa ile sindano pajani, miligramu 1, mara moja tu. Asiyechomwa anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha kati ya wiki ya pili na miezi mitatu akaanza kuvuja: kitovuni, puani, chini ya ngozi, na likiwa baya zaidi, ndani ya kichwa. Yale madoa mawili kifuani yalikuwa onyo. Nilimpigia simu daktari wa hospitali, nikamtoa mtoto na mama yake kwa gari saa ileile, wakampa vitamini K. Alifika kabla damu haijaingia kichwani.

Tazameni tofauti ya watoto hawa wawili. Wa kwanza, mabaka bapa, ya rangi moja, yapo tangu siku za mwanzo, hayana maumivu, hayabadiliki. Wa pili, madoa yenye kitu ndani, mapya, yanaongezeka, tena kifuani na ubavuni. Jirani aliyasema bila nia mbaya. Alitazama rangi tu, na rangi peke yake ndiyo iliyomdanganya hata bibi.

Mtoto asiyeweza kujipindua wala kutambaa hana njia ya kujigonga. Anayeanza kutembea kwa kushika viti utamwona na alama za magoti na paji la uso, hilo ni la kawaida. Wa miezi miwili, mitatu, damu ikivilia mwilini mwake, pawe popote, ukubwa wowote, lazima pawe na sababu: aliangushwa, alibanwa, alipigwa, au damu yake ina kasoro. Sababu zote hizo zinahitaji aonekane na daktari siku hiyohiyo. Usisubiri siku nane na plastiki. Ile plastiki ni ya mtoto ambaye tayari amechunguzwa mwili mzima na mtu anayejua. Na alama sikioni, shingoni, mashavuni, tumboni, ni za kukimbilia, hata kama ni ndogo kama punje ya mtama. Ukiwa na wasiwasi kwamba mtoto anaumizwa na hujui umwambie nani, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na ukienda Kenya ni hiyohiyo.

Kuna kundi la tatu ambalo huwachanganya akina mama wodini. Mtoto aliyetanguliza makalio anaweza kutoka na makalio ya zambarau, yamevimba, hata sehemu za siri zikiwa zimevimba. Hiyo ni damu iliyovilia kweli, ya safari ya kuzaliwa, na mahali pake ni palepale penye baka. Anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Siku ya kwanza hata mimi sitenganishi vizuri. Baada ya wiki mbili zambarau na uvimbe vimekwisha, na kilichobaki ndicho baka. Mtoto wa namna hii tunamwangalia manjano, kwa sababu damu ile inapoliwa na mwili inatoa rangi ya manjano, na ini changa linaweza kulemewa. Macho au ngozi vikiwa vya manjano, arudi.

Nisisitize na hili: usijaribu kutaja siku ya pigo kwa rangi ya alama. Nimesikia mtu akisema "hii ya kijani ni ya siku tano, hii ya zambarau ni ya jana," akamhesabia mtu siku alizokuwa zamu. Haiwezekani. Kwenye mwili mmoja, alama mbili za saa moja zinaweza kuwa na rangi tofauti. Na kwenye ngozi yetu nyeusi manjano huonekana kwa shida, pengine isionekane kabisa.

Wala usiseme kwa uhakika "hakuzaliwa nalo, basi ni pigo" kwa sababu tu halikuonekana siku ya kwanza. Mtoto mchanga huzaliwa mwekundu, amepakwa utando mweupe, chumba kina giza, mkunga ana mama anayevuja damu wa kumshughulikia. Baka hafifu hupita. Wiki ya pili au ya tatu likionekana, linaweza kuwa lilikuwepo wakati wote. Ndiyo maana tunauliza vitu vingi, hatuulizi kimoja.

Juu ya dawa nitasema machache. Baka hili halitibiwi. Nimeona mtoto aliyekandwa kwa kitambaa cha maji ya moto ili "damu iyeyuke", akaletwa na malengelenge mahali ambapo palikuwa pazima. Nimeona aliyechanjwa chale. Nimeona aliyepakwa mkorogo wa mama yake. Chembe ziko chini ya ngozi, cream haizifikii, lakini sumu ya mkorogo inamfikia mtoto. Pakeni mafuta ya kawaida mnayompaka mwili mzima, basi.

Daktari anatakiwa alione baka lenyewe katika hali chache. Mabaka yakiwa mengi mno, yamefika tumboni na kifuani, yanaongezeka badala ya kufifia, na mtoto anachelewa kushika shingo au tumbo linajaa, yapo magonjwa ya kurithi, adimu sana, yanayokuja na mabaka ya namna hiyo. Na ukiona juu ya kifandugu kishimo kirefu usichoona mwisho wake, shungi la nywele kama mkia, au kinundu laini, hilo ni jambo la uti wa mgongo, si la rangi, hata kama baka liko hapohapo. Bluu peke yake, bapa, kiunoni, haina ugonjwa nyuma yake.

Ninyi mnaosafiri, na najua humu wamo wenye watoto wao Uingereza, Sweden, Marekani, Omani: kwenye nchi ambako wauguzi hawayaoni mabaka haya kila siku, mzazi mweusi anaweza kuhojiwa juu ya mgongo wa mwanawe. Wanafanya hivyo kumlinda mtoto, na maswali yao si matusi. Lakini karatasi iliyoandikwa mtoto akiwa na siku tatu inajibu kuliko mama anayelia. Mtoto akizaliwa huko, mama amwombe mkunga aliandike baka kwenye kitabu cha mtoto kabla hawajatoka wodini.

Na hapa nyumbani nataka tufanye vivyo hivyo. Kwenye kadi ya kliniki pana nafasi ya maelezo, na mara nyingi inabaki nyeupe. Ya mtoto yule wa wiki 13 niliijaza hivi: "Baka bapa la bluu ya kijivu juu ya kifandugu, sm 6 kwa 4, lingine kalio la kushoto, sm 2.5; hafifu kifundo cha mguu wa kulia, upande wa nje. Hakuna uvimbe, hakuna maumivu. Yameonekana kwenye picha ya siku ya 9." Nikaweka tarehe na sahihi, na mama akanakili kwenye daftari la dada, kwa sababu dada ndiye atakayeulizwa na mgeni wa pili na wa tatu.

Pale dirishani nimeweka meza, utepe wa kupimia na kalamu. Mwenye mtoto chini ya mwaka na kadi yake aje mmoja mmoja, tuanze na huyu mama aliyekaa karibu na mlango, mtoto wake ameshaanza kusinzia.